Mjadala: Marehemu baba kawekwa kwenye picha ya harusi, nani mwenye kauli?

Mtoto wa Tatu, Morogoro: Baba alifariki 2011. Picha yake nzuri tunayo moja tu, ya pasipoti. Mdogo wetu kaoa juzi, akaipeleka studio, wakamweka baba katikati yetu kwenye picha ya harusi, kavaa suti, anatabasamu. Mama kafurahi hadi kalia. Shangazi, dada yake baba, kakasirika: "Harusi hiyo hakuiona, mnamsingizia." Tunataka kuichapisha kubwa kwa misa ya kumbukumbu. Mama akiridhia inatosha, au shangazi naye lazima akubali?

Kibwana: Kama mahakama iliteua msimamizi wa mirathi, huyo ndiye mwenye kauli, maana anasimama badala ya marehemu. Shangazi akamwone yeye, yaishe.

Mama Sheria: Kibwana, anasimama badala ya marehemu kwenye mali na madeni. Anakusanya, analipa, anagawa, anapeleka hesabu mahakamani, kazi yake imekwisha. Sura ya mtu haimo kwenye orodha ya mali. Hata Umoja wa Ulaya, kanuni yao ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018 inasema kwamba haiwahusu waliofariki, kila nchi ijipangie. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kumnyamazisha shangazi. Picha ya sebuleni, mama na watoto wanatosha. Ikienda kanisani mbele ya ukoo mzima, dada aliyezaliwa naye tumbo moja simwachi nje.

Fundi Picha, Mwanza: Kazi hizi nazipokea kila wiki, na ugomvi mwingi hautokani na ruhusa, unatokana na kilichobuniwa. Picha ya pasipoti ina milimita 35 kwa 45, na uso wenyewe una upana wa milimita kama 20. Nikiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, nikachapa kwa nukta 300, uso unakua mara mbili, sentimita 4, bado ni yeye. Kwenye picha ya familia ya kutundika ukutani hiyo inatosha. Ukitaka bango ambalo uso una sentimita 20, programu ya akili mnemba inaanza kubuni. Inalainisha ngozi, inafuta kovu, inatengeneza nyusi za mtu mwingine. Na tabasamu! Kwenye pasipoti mdomo umefumbwa, kwa hiyo meno mnayoyaona si ya baba yenu. Mwili na mikono pia ni ya mtu mwingine aliyepigwa picha akiwa na suti. Muulizeni shangazi kinachomuuma ni nini hasa. Mara nyingi anakuonyesha kwa kidole.

Mimi nataka familia waone kazi kabla ya kuchapa, mdomo nauacha ulivyo, na ile pasipoti halisi hairudi mpaka nakala safi imehifadhiwa. Jambo lingine ni mwanga. Pasipoti ilipigwa kwa mwanga wa mbele, harusi ilikuwa juani na kivuli kinaanguka upande mmoja. Asiye na kivuli ni yeye peke yake, na jicho la mzee linaliona hilo hata kama hajui kulisema.

Bi Mkubwa, Tanga: Mimi yalinikuta mengine. Mume wangu alipofariki, wakwe walitengeneza picha ya arobaini, wakamweka na mke mwenzangu na watoto wake, mimi wakanitoa. Ilikuwa picha yetu sote, mkono wangu bado unaonekana begani kwake. Wageni waliokuja wakaamini nilikuwa nimeachwa. Nyie mnabishana kuhusu kumwongeza mtu, angalieni na wanaoondolewa.

Mama Sheria: Pole sana, Bi Mkubwa. Ndiyo maana nasema iandikwe chini ya picha, hata kwa herufi ndogo, kwamba imeunganishwa, pamoja na mwaka aliofariki. Miaka ishirini mbele mjukuu ataichukulia kuwa ushahidi wa nani alikuwepo.

Salum, Unguja: Kwetu wengi hawapendi hata kutundika picha ya maiti ukutani, seuze kumtengenezea mpya. Mwombeeni dua, mtoleeni sadaka.

Kibwana: Salum, wao wana misa, si hitma. Lakini kuandika "imeunganishwa" kwenye picha ya kumbukumbu kunaharibu. Nani anataka kukumbushwa?

Mtoto wa Tatu, Morogoro: Nimemuuliza shangazi kama Fundi alivyosema. Ni suti na meno. Baba alikuwa na pengo la mbele, tena alikuwa akilionea fahari. Studio wamekubali kurudisha mdomo wa pasipoti na kumvalisha shati. Mama hataki, anasema lile tabasamu ndilo alilokuwa akiliomba miaka yote. Kwa misa tumekubaliana iende ile ya pasipoti peke yake, imekuzwa kidogo. Ya sebuleni bado hatujaelewana.

Fundi Picha, Mwanza: Mama achapiwe yake ndogo, aiweke chumbani. Ila faili la tabasamu lisisambazwe kwenye kundi la ukoo, likishatoka halirudi.

Bi Mkubwa, Tanga: Na huyo mdogo wenu aliyeipeleka studio bila kuuliza, kaombwa aongee na shangazi mwenyewe?