Seva niliyokodi naambiwa iko Johannesburg. Milisekunde zinaweza kunionyesha ilipo kweli?

Mangi wa Mchikichini

Wakuu, habari za usiku.

Nina duka la vipuri Kariakoo na matawi mawili, Mbagala na Tegeta. Mfumo wa mauzo wa maduka yote matatu uko kwenye seva ya kukodi. Muuzaji, jina naliweka kapuni, alinitoza hela ya ziada akisema mashine iko Johannesburg, kwa hiyo itajibu haraka kuliko zile za Ulaya. Lakini keshia akibonyeza, anasubiri. Akibonyeza tena, anasubiri tena, na mteja kashaanza kuangalia duka la jirani.

Kijana wangu wa dukani akanionyesha kupima kwa `ping`. Mstari wa mwisho ulitoka hivi:

```
rtt min/avg/max/mdev = 168.112/171.930/203.441/8.207 ms
```

Nikakumbuka fizikia ya sekondari, kwamba mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Nikazidisha 168 kwa 300,000, nikapata kilomita 50,400,000. Mwezi wenyewe uko kilomita 384,400 tu! Yaani keshia wangu wa Tegeta anauza oil filta kupitia mahali palipoupita mwezi zaidi ya mara 100.

Nimekosea wapi? Na hesabu ikikaa sawa, inaweza kunithibitishia kwamba nimepigwa? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Sinza

Hahaha mkuu, hizo ni milisekunde. Gawa kwa 1,000 kwanza. 168 inakuwa 0.168 ya sekunde, ukizidisha kwa 300,000 unapata kilomita 50,400. Basi seva yako iko umbali wa kilomita 50,400.

Mangi wa Mchikichini

Asante kijana, lakini dunia nzima ukiizunguka ni kilomita kama 40,000. Hiyo 50,400 ni wapi tena?

Mtoto wa Ujiji

Mkuu, kifurushi chako ni cha Mb ngapi? Mimi nilikuwa na shida kama hiyo kwenye zahanati moja huku kwetu, tunatumia dishi la setilaiti, lile kubwa. Ping haishuki chini ya 620. Tukalipia kifurushi mara mbili ya kile cha mwanzo, ping ikabaki 620 ileile. Nadhani hawa jamaa wanatuchezea tu. Bana hao wakuongezee spidi.

Fundi Rauta

Nianze na Mangi, halafu nitakuja kwako Ujiji, maana kesi yako ni tamu pia.

Kijana wa Sinza kapatia kugawa kwa 1,000 ila kaacha mambo mawili. La kwanza, `ping` inapima kwenda na kurudi. Pakiti imetoka dukani, imefika kwenye seva, imejibiwa, imerudi. Kwa hiyo zile 50,400 ni njia nzima, na seva haiwezi kuwa mbali zaidi ya nusu yake, 25,200.

La pili, 300,000 ni mwendo wa mwanga mahali pasipo na kitu. Ndani ya faiba mwanga unapita kwenye kioo, na kwenye kioo unapungua mpaka karibu theluthi mbili, yaani kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukitumia hiyo, 0.168 inakupa kilomita 33,600 kwenda na kurudi, nusu yake 16,800.

Mimi kazini siandiki hata hesabu. Kila milisekunde moja ya ping ni kilomita 100 za umbali, basi. 168 ni kilomita 16,800.

Sasa shika hapa, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Hiyo 16,800 siyo mahali seva ilipo. Ni mpaka ambao seva haiwezi kuuvuka. Inaweza kuwa Durban, inaweza kuwa Dodoma. Muda unaweza kupotea njiani kwa sababu nyingi: foleni kwenye rauta, waifai ya dukani, kebo iliyozunguka. Lakini hakuna rauta duniani inayoweza kuuharakisha mwanga. Ndiyo maana tunachukua namba ya kwanza kwenye ule mstari, ile ndogo kuliko zote. Hiyo wastani ya 171 imeshachanganyika na foleni.

Kutoka Dar mpaka Johannesburg ndege ikinyoosha ni kama kilomita 2,460. Kwa faiba iliyonyooka ni milisekunde 25 hivi. Wewe una 168. Inatia shaka, ila haimtii muuzaji hatiani. Mara nyingi nimeona data ya jirani na jirani hapa Afrika ikipelekwa kwanza London au Marseille kisha ikarudi, kwa sababu kampuni mbili za intaneti hazijaunganishana karibu. Muuzaji akikwambia hivyo, huna cha kumjibu kwa kipimo hiki kimoja.

Na wewe Ujiji, hapo hakuna anayekuchezea. Setilaiti za dishi kubwa zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, mara nne hizo. Ni zaidi ya kilomita 143,000, na hapo mwanga unapita hewani na angani, hivyo tumia 300,000 yake kamili. Inatoka karibu milisekunde 477 kabla kifaa chochote hakijafanya kazi. Hizo zilizobaki kufika 620 ni mitambo na njia ya ardhini. Kifurushi kikubwa ni kama kupanua barabara ya Morogoro iwe njia nane: magari mengi yatapita, lakini Morogoro haitasogea karibu na Dar.

Mtoto wa Ujiji

Dah. Na ile hela tuliyoongeza miezi saba?

Fundi Rauta

Picha za eksirei zinafunguka haraka zaidi, si ndiyo? Hapo ndipo ilipokwenda.

Binti Pangani

Kwa wanaotumia Linux, hamna haja ya kikokotoo. Kuna programu inaitwa `units`, inajua mpaka milisekunde za mwanga:

```
$ units -t '168 millilightseconds' km
50365.133
```

Tofauti na 50,400 ni kwa sababu mwanga kamili ni 299,792.458, sio 300,000. Kumbukeni tu kwamba hapo haijagawanya kwa mbili wala haijui habari za kioo. Hayo unafanya mwenyewe.

Msapere wa Nairobi

Niaje wasee. Mangi alinitumia jina la mfumo wake inboksi nikapima kutoka hapa Westlands. Nimepata milisekunde 11! Kwa kanuni ya Fundi hiyo ni kilomita 1,100. Kutoka hapa mpaka Johannesburg ni karibu 2,900, so haiko huko, na Ulaya ndio kabisa haiwezekani. Seva yako iko hapa kwetu Nairobi, buda. Muuzaji amekudanganya, lakini amekudanganya vizuri.

Mangi wa Mchikichini

Sasa mnanichanganya. Nairobi milisekunde 11 halafu mimi hapa jirani 168?

Fundi Rauta

Msapere, hesabu yako haina kasoro. Ulipima jina la tovuti au anwani ya IP ya seva?

Msapere wa Nairobi

Jina.

Fundi Rauta

Ndiyo hivyo. Mangi, bila shaka tovuti yako imewekwa nyuma ya moja ya zile kampuni zinazokaa mbele ya seva, zenye mashine miji mingi. Jina linamjibu kila mtu kutoka mashine iliyo karibu naye. Msapere kapima mlango wa mbele ulioko Nairobi, mashine yako hajaifikia. Mpe namba za IP zile unazotumia kuingia kwa `ssh`, arudie. Na kama kuna mtu yuko Ulaya, apime pia. Kinachofunga mjadala ni ping ndogo kutoka mahali panapojulikana. Kubwa haifungi kitu.

Msapere wa Nairobi

Nimerudia na IP. 159. Naondoa maneno yangu yote ya juu, sorry.

Mbeba Boksi Köln

Nimetoka shifti sasa hivi, nipe hizo namba inboksi.

...

Haya, nimepima mara 50 kwa waya, sio waifai. Ndogo kabisa ni milisekunde 7. Nimesoma uzi mara mbili ili nisiaibike: 0.007 mara 200,000 ni 1,400, nusu ni kilomita 700 kutoka hapa nilipo. Sahihi?

Fundi Rauta

Sahihi kabisa. Lakini kwa mzozo wa hela mimi humpa mtuhumiwa nafasi yote anayoweza kuiomba. Chukua mwanga wa angani, 300,000, kana kwamba hakuna kioo. Unapata 1,050. Kutoka Köln mpaka Johannesburg ni karibu kilomita 8,800. Hata mwanga ukinyooka bila faiba, bila rauta, kwenda na kurudi ni milisekunde 58 na ushee. Jamaa kapata 7. Kilichojibu hizo 7 hakiko Afrika Kusini.

Binti Pangani

Umesema kilichojibu. Je, kama IP nayo inajibiwa na mashine ya mbele, kama ilivyokuwa kwa jina?

Fundi Rauta

Swali zuri, na nilikuwa nalinyemelea. Dawa ni kupima kutoka ndani kwenda nje. Mangi, mwambie kijana aingie kwenye seva kwa `ssh`, akiwa humo apime kwenda kwa Mbeba Boksi. Wewe Köln ruhusu rauta yako ijibu `ping` kwa dakika tano, kisha ufunge.

Mangi wa Mchikichini

Kijana kafanya saa hizi, duka limefungwa. Kutoka ndani ya seva kwenda Köln ni 7. Kutoka ndani kuja hapa dukani ni 168. Mkono unatetemeka.

Kijana wa Sinza

Basi iko Ujerumani.

Fundi Rauta

Hatujui. Duara la kilomita 700 kuzunguka Köln linakusanya Amsterdam, Frankfurt, Paris, London na zaidi. Mwenye kutaka mji kamili atafute watu wengine wawili watatu wapime, yenye ping ndogo zaidi ndiyo iko karibu. Kwa mzozo wa Mangi haina haja.

Mangi wa Mchikichini

Nimempelekea muuzaji. Kajibu kwa skrinishoti ya tovuti ya kutafuta mahali IP ilipo, imeandikwa Johannesburg, na bendera juu. Anasema hizo hesabu za mwanga ni za darasani.

Fundi Rauta

Hizo tovuti mara nyingi zinasoma maandishi ya usajili, na mwenye namba ndiye anayetuma taarifa zake. Mtu anaweza kusajili gari Arusha likawa linapiga debe Mtwara. Muulize swali moja tu kwa maandishi: mashine ya Johannesburg imewezaje kujibu Köln ndani ya milisekunde 7? Umbandikie na vipimo vya pande zote mbili.

Mangi wa Mchikichini

Nimemuuliza tangu saa nne asubuhi. Tiki mbili za bluu, kimya. Mkataba unaisha tarehe 30. Mwenye kujua seva ya ndani ya Dar inayokodishwa kwa mwezi anicheki inboksi, ila awe tayari kupimwa kabla sijalipa. Kijana ameshajifunza kuanza na namba ya kwanza kwenye ule mstari.