Re: POA ya shangazi, ukurasa wa pili umekatwa chini

Bintimdogo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za tangu juzi. Jana nimempeleka shangazi ofisini kwa mara ya pili kusaini POA, hati ya kumpa kaka mamlaka ya kumwakilisha, tumerudishwa tena. Safari hii kitambulisho hakikuwa na shida. Afisa wa dirishani alimuuliza, "Mama, unajua unampa mwanao ruhusa ya kufanya nini?" Shangazi akajibu, "Ya kunishughulikia mambo yangu." Afisa akairudisha karatasi chini ya kioo. Akasema nikamweleze kipengele kwa kipengele, tukirudi atamuuliza upya, na mimi nitasubiri nje.

Shangazi haoni vizuri, kwa hiyo kusoma ni juu yangu. Hati imeandikwa kwa Kiswahili cha mahakamani na imetumwa na kaka kwa simu. Nimekaa naye jana usiku nikagundua ukurasa wa pili haujatimia. Unaishia hivi:

"(d) kuuza, kuhamisha, kupangisha au kuweka rehani kiwanja kilichotajwa hapo juu, kwa sharti kwamba"

Baada ya hapo kuna mstari ambao vichwa vya herufi tu ndivyo vinaonekana, basi. Ukurasa wa tatu unaanza:

"bila kupata kwanza idhini yake kwa maandishi;
(g) kufanya mambo mengine yote yanayohusiana na hayo."

Kwa hiyo (e) na (f) sina. Namwelezaje mtu mzima karatasi ya namna hii? Na je, nikimwambia tu kwamba palipokatika ni mambo ya kawaida, nitakuwa nimekosea?

Katibu Mstaafu

Marahaba binti. Usijisumbue. Hiyo (g) imeshafunika kila kitu, "mambo mengine yote" maana yake yote. Hata (e) na (f) zisingekuwepo, kaka yako angeweza kufanya. Na hiyo "bila kupata kwanza idhini yake" ndiyo mkia wa (d), yaani hauzi kiwanja mpaka shangazi akubali kwa maandishi. Unganisha hivyo, msomee, mrudi mkasaini.

Nyumba ya Tatu

Dada pole, ofisi hizo nazijua. Mimi yangu ilikataliwa kwa sababu haikuwa na apostili. Nililipa, nikangoja wiki tatu, ikarudi na lile karatasi la pembe nne lililogongwa nyuma, ikapita siku hiyohiyo. Hebu angalia kama yako inayo. Ikiwa nayo, hawana sababu ya kukusumbua na maneno ya ndani.

Mama Faili

Nimekaa miaka kumi na minne ofisi ya mawakili nikichapa hizi hati, kwa hiyo mnivumilie.

Katibu, kwa heshima yako, umeunganisha vitu viwili ambavyo haviungani. Tazama mfuatano. Baada ya ule mkia inakuja (g) moja kwa moja. Basi mkia huo ni wa (f). Sharti la (d) limekatika baada ya "kwamba", na hatulijui. Huenda linasema bei isipungue kiasi fulani, huenda linasema pesa ziingie akaunti ya shangazi, huenda linahusu rehani peke yake. Binti akimwambia shangazi "hakiuzwi bila wewe kusaini", shangazi atalala akiamini ana ulinzi ambao huenda haumo.

Na hiyo (g) wengi inawapoteza. POA husomwa kwa kubana. Ambacho hakikuandikwa, hakikutolewa. Maneno ya mwisho ya "mambo mengine yote yanayohusiana na hayo" yanabeba vitu vidogo vya kukamilisha vilivyotajwa juu: kujaza fomu, kuchukua risiti, kusaini karatasi za uhamisho. Hayazai mamlaka mapya. Ukipewa ruhusa ya kuuza, hujapewa ya kugawa bure. Ukipewa ya kupangisha, hujapewa ya kuuza. Kwa hiyo (g) haiwezi kutuambia (e) na (f) zilikuwa nini.

Nyumba ya Tatu, apostili inathibitisha sahihi na muhuri wa aliyeshuhudia, na cheo chake. Haigusi kilichoandikwa ndani. Unaweza kupata apostili safi kabisa kwenye hati iliyokatwa nusu.

Nyumba ya Tatu

Mimi nimesema yaliyonikuta. Yangu ilipita.

Fundi Karatasi

Swali la pembeni: kaka alipiga skani ya karatasi ya aina gani? Hati nyingi za zamani zinachapwa kwenye fulskepu, yenye urefu wa milimita 330. Mashine nyingi zimewekwa kwa A4, ambayo ni 297. Tofauti ni milimita 33, na kwa maandishi ya kawaida hiyo ni mistari sita hivi. (e) na (f) fupi zinaenea humo humo.

Utajua hivi: pembeni kushoto na kulia kuna nafasi nyeupe, juu ipo, ila chini maandishi yanagonga ukingo. Namba ya ukurasa haipo kwenye kurasa zote tatu. Na kama walitia vifupi vya majina chini ya kila ukurasa, navyo havipo.

Bintimdogo

Fundi, umeota? Namba hazipo kurasa zote. Na chini ya ukurasa wa kwanza kuna nusu ya muhuri, kama mwezi mchanga. Nilidhani ni doa.

Katibu Mstaafu

Sawa, Mama Faili, nimekusikia kuhusu mkia. Lakini ule mstari wa vichwa vya herufi si unasomeka? Binti, weka picha hapa tuusome wengi. Vichwa vya herufi vinatosha kwa mtu mzoefu.

Mama Faili

Vinatosha kukisia, Katibu. "Atauza" na "hatauza" vichwani vinatofautiana kwa herufi moja, na karatasi yenyewe imefifia. Mimi nisingeweka kiwanja cha mtu juu ya kisio.

Binti, ulichouliza kwanza ni namna ya kumweleza. Mimi ningemwambia hivi, kwa sauti, kituo kwa kituo:

"Shangazi, karatasi hii inamruhusu mwanao asimame mahali pako, kwa mambo yaliyoandikwa tu. La kwanza..." Kisha unasoma (a), unasimama, unamwacha akurudishie kwa maneno yake. Akikurudishia sivyo, unarudia. Ukifika (d) unamwambia: "Hapa anaruhusiwa kuuza kiwanja, kubadilisha jina kwenye hati, kukipangisha, au kukiweka dhamana ya mkopo, na mkopo usipolipwa kinaweza kuchukuliwa. Kuna sharti. Sharti lenyewe limekatika, sijalisoma. Kisha kuna mambo mawili ambayo sikuyaona kabisa. Moja linaishia na maneno 'bila kupata kwanza idhini yake kwa maandishi', na sijui idhini ya nani." Maana hiyo "yake" nayo, bila sentensi iliyotangulia, inaweza kuwa ya shangazi au ya kaka.

Usiseme "mambo ya kawaida". Kwenye nafasi kama hiyo nimewahi kuona ruhusa ya kuteua mtu mwingine kushika mamlaka hayohayo. Nimewahi kuona pia kipengele cha kwamba hati iendelee hata mwenyewe akipoteza fahamu. Sheria za nchi nyingi hazimpi mwakilishi la kwanza wala la pili mpaka liandikwe, ndiyo maana wanaoyataka huyaandika. Hayo si ya kawaida kwa mwenye kiwanja.

Halafu, (a) mpaka (c) zinasemaje?

Bintimdogo

"(a) kukusanya kodi, (b) kufungua na kuendesha akaunti ya benki, (c) kulipa kodi na ada zote." Hizo nilimsomea, alielewa.

Mama Faili

Alielewaje (a) na (c)? Neno ni moja.

Bintimdogo

Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kaka atawalipia wapangaji kodi yao.

Fundi Karatasi

😂 Shangazi atafilisika.

Mama Faili

Ndiyo hivyo. Mwambie (a) ni pesa ya pango kutoka kwa wapangaji, na (c) ni kodi ya serikali. Na kwenye (b) muulize kama anajua kwamba kuendesha ni pamoja na kutoa pesa. Wengi husikia "kufungua" wakaishia hapo.

Mpwa wa Pwani Mbili

Samahani kuingilia. Nimesoma hapa nikamkumbuka marehemu mama. Tulimsainisha karatasi kama hizi nikiwa huku, kwa simu, sauti inakatikakatika, yeye anasema "ndiyo mwanangu, ndiyo" kwa kila kitu. Mpaka leo sijui alisikia nini. Miaka inakwenda, unatuma pesa, unatuma karatasi, mwenyewe hufiki.

Nyumba ya Tatu

Pole sana ndugu yangu. Wangetupa uraia pacha haya yote yasingekuwepo, tungekwenda tu kusaini wenyewe.

Katibu Mstaafu

Uraia pacha haukupi nauli, Nyumba ya Tatu. Na shangazi wa watu uraia wake haujaguswa, anayeugua ni macho. Tusianze.

Bintimdogo

Jamani nimempigia kaka. Kakasirika kidogo, anasema namshuku. Ameniandikia ujumbe: "(e) ni kupokea barua zangu za ardhi, (f) ni kama (d) tu." Nikimsomea shangazi huu ujumbe pamoja na hati, si nitakuwa nimemaliza?

Mama Faili

Hapana. Shangazi hatasaini ujumbe wa simu, atasaini karatasi. Ujumbe unakusaidia kujua uulize nini. Na "barua zangu" za nani tena, zake au za shangazi? Usimgombeze, huenda hajui kama imekatika, kwake karatasi ni nzima.

Mwombe apige skani upya kwa ukubwa kamili, au aichape yote kwenye A4. Mwanzo wa orodha paandikwe kuna vipengele saba, (a) hadi (g). Kila ukurasa uwe na namba, "2 kati ya 3", na shangazi atie alama yake chini ya kila mmoja. Hapo kipande kikipotea kitajulikana. Na msije mkasaini hii iliyopo kwa ahadi ya kujazia baadaye.

Katibu Mstaafu

Hapo nakubali. Ila afisa naye angesema tangu siku ya kwanza kwamba imekatwa. Ameitazama mara mbili.

Bintimdogo

Hakuifungua ukurasa wa pili, nilikuwa namtazama.

Swali langu jingine limepotea humu: tukirudi, mimi niliyemweleza nikiwa mpwa wake na dada wa anayepewa mamlaka, wanakubali, au wanataka mtu asiyetuhusu?

Nyumba ya Tatu

Mimi waliniuliza apostili tu.

Fundi Karatasi

Kwangu walikubali mke wangu. Ilikuwa ofisi nyingine lakini, na miaka mingi sasa.

Bintimdogo

Kaka ametuma picha sasa hivi, safari hii karatasi nzima, hadi chini. (d) nimeipata: pesa za mauzo ziingie akaunti ya shangazi, na rehani isizidi mwaka mmoja. (e) kweli ni barua, za shangazi. (f) inaanza "kuteua mtu mwingine", halafu kidole gumba cha kaka kimekaa juu ya maneno yanayofuata.

Mama Faili

Mpigie tena. Kwa upole.