Mjadala: Insha ya miaka 400, upange kwa nyakati au kwa mada?

Chipukizi_Kigogo
Wakuu, shikamooni. Swali letu la semina ni hili: "Jadili mabadiliko ya biashara katika mwambao wa Afrika Mashariki kati ya 1500 na 1900." Maneno 2,500. Nipange kwa nyakati, karne baada ya karne, au kwa mada, yaani utawala, bidhaa na misafara ya bara? Mwenzangu anasema kwa nyakati ndiyo salama, lakini hana sababu. Mimi nataka sababu.

Mpwani_Halisi
Kwa mada, wala usihangaike. Karne baada ya karne ni mpangilio wa kidato cha pili. Mtoto anakaririshwa matukio, anakuja chuo anayamwaga kama yalivyo, kisha anashangaa kupewa C.

Mwl_Mbagala
Kidato cha pili kimeingiaje hapa? Tunaofundisha huko tunajua tunachofundisha. Swali linasema "mabadiliko", na mabadiliko hayaonekani bila wakati. Chukua hiyo mada yako ya bidhaa. Mwanafunzi ataandika dhahabu, pembe, watumwa, karafuu, kila moja na aya yake, na msomaji atadhani vyote vilikuwa sokoni pamoja. Dhahabu ya Sofala ilishaiponyoka Kilwa karne tatu kabla karafuu hazijaenea Unguja. Mpangilio wa mada unaweza kuficha pengo la miaka 300, na mwandishi mwenyewe asijue kwamba limefichika. Kabla ya kudharau kazi za watu, jibu hilo.

Mpwani_Halisi
Sijamdharau mtu, nimeusema mpangilio. Na hizo nyakati zako ni zipi? Wareno wametawala pwani miaka 200, kuanzia Da Gama hadi Waomani. Ukizipanga kwa nyakati hiyo ni sura moja. Utaandika nini humo zaidi ya ngome na mizinga?

Binti_Magomeni
Miaka 200 ipi, kaka? Kilwa walikaa na ngome hadi 1512 wakaondoka.

Mpwani_Halisi
Na Mombasa? Ngome ya Yesu walijenga 1498 ikaanguka 1698. Hesabu mwenyewe.

Binti_Magomeni
1498 Da Gama alipita tu, na Mombasa hawakumpokea vizuri, akaenda Malindi. Ngome ilianza kujengwa 1593. Hiyo ni karibu miaka 100 baadaye! Na Waomani wakishaichukua 1698, Wareno waliirudia tena 1728, wakatolewa mwaka uliofuata. Hii "miaka 200" ndiyo inayowaharibia watu insha.

Mwl_Mbagala
Asante, Binti. Anayejua tarehe hazidharau.

Bi_Upanga
Jamani, mmemwacha mwenye swali. Lakini ugomvi wenu wa Wareno una faida, kwa sababu unaonyesha shida ilipo. "Zama za Wareno" ni kipande cha historia ya bendera. Swali halikuuliza bendera, limeuliza biashara.

Chipukizi, kabla ya kuchagua chochote, chukua karatasi uilaze. Juu andika miaka: 1500, 1600, 1700, 1800, 1900. Pembeni andika maswali matatu. Nani anashika bandari? Mzigo gani unaongoza? Mzigo unafikaje pwani kutoka bara? Sasa kwenye kila mstari weka alama mahali ambapo jibu linageuka, na uandike mwaka wake.

Mstari wa bandari utakupa 1505, Wareno walipozipiga Kilwa na Mombasa. 1698, Ngome ya Yesu. Seyyid Said kuhamia Unguja. Kisha 1890, Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mstari wa mizigo utakupa 1505 pia, kwa kuwa mwaka huohuo Wareno walijenga ngome Sofala na kuishika njia ya dhahabu. Baada ya hapo hutaona mgeuko mkubwa mpaka miaka ya 1770, Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi walipoanza kutaka watumwa wengi wa mashamba. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupata watumwa 1,000 kwa mwaka. Karafuu zinafuata mwanzoni mwa karne ya 19. Mstari wa bara una mgeuko mkubwa mmoja tu: kwa muda mrefu watu wa bara, mathalani Wayao, ndio walioteremsha pembe hadi Kilwa, lakini katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani wenyewe wakapanda hadi Tabora na Ujiji.

Ukimaliza, tazama alama kwa wima. Zikilingana katika mistari yote, panga kwa nyakati bila woga, maana nyakati zenyewe zimejipanga. Zikipishana, mpangilio wa nyakati utakulazimisha kukata kitu katikati. Hapa zimepishana vibaya. Mwaka 1698 ni mkubwa kwenye bandari, lakini kwenye mizigo na kwenye bara hauna kitu. Miaka ya 1770 ni kinyume chake. Na huko kupishana ndiko hoja yako ilipo: bendera ilibadilika mapema, biashara ikageuka kwa sababu nyingine, tena baadaye.

Mpwani_Halisi
Basi ni mada. Nilisema.

Bi_Upanga
Hapana. Ukienda kwa mada tupu, Seyyid Said utamtambulisha mara tatu: kwenye utawala kwa kuhamia Unguja, kwenye bidhaa kwa karafuu, kwenye misafara kwa bidhaa zinazopitia bandari yake. Maneno 2,500 hayatoshi kumpokea mtu huyohuyo mara tatu. Mbaya zaidi, karafuu zilihitaji vibarua, na vibarua hao walikuwa watumwa walioletwa na misafara. Uhusiano huo ndio sababu, nawe umeukata ukautupa katika sura mbili tofauti.

Mimi ningekata kwa nyakati, ila mipaka itoke kwenye mstari wa mizigo, usitoke kwenye mstari wa bandari. Sehemu ya kwanza 1500 hadi miaka ya 1770, ya pili kutoka hapo hadi 1873 soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, ya tatu hadi 1900. Ndani ya kila sehemu uliza maswali yaleyale matatu. Maneno yasigawanywe sawa: utangulizi 250, ya kwanza 600, ya pili 900, ya tatu 450, hitimisho 300. Ya pili inapewa zaidi kwa kuwa ndimo mistari yote mitatu inapoguswa.

Mwl_Mbagala
Kwa hiyo ni kwa nyakati. Nami nilisema.

Abiria_wa_Kivukoni
Nami naomba kuingia. Mimi naandika juu ya bandari ya Dar es Salaam tangu Sultani Majid. Nipange kwa mada?

Binti_Magomeni
Kaka, Majid alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Hizo si karne kadhaa, na mada yako ni bandari moja tu. Kwa nyakati, na mipaka yako iko wazi: Majid, Mjerumani, Mwingereza, Uhuru. Kwako bendera na bandari zinaenda pamoja, maana kila aliyekuja aliijenga upya kwa haja zake.

Abiria_wa_Kivukoni
Nashukuru. Ila Bi Upanga hajaweka mwaka wa Seyyid Said. Si 1832?

Mpwani_Halisi
1840.

Abiria_wa_Kivukoni
Tuliandikiwa ubaoni 1832.

Bi_Upanga
Vitabu vinatoa yote mawili, ndiyo maana sikuuandika. Alifika Unguja mara ya kwanza 1828, akawa anakwenda Muskati na kurudi. Kuhama kwake kulikuwa kwa pole pole. Tarehe inayobishaniwa usiifanye mpaka wa sehemu, kwani ukiweka kichwa "1500 hadi 1832" msahihishaji mwenye 1840 kichwani ataanza kukupinga kabla hajasoma hoja. Andika "kati ya 1832 na 1840" ndani ya aya, uendelee.

Chipukizi_Kigogo
Bi Upanga, nimechora. Sehemu tatu mara maswali matatu zimenipa visanduku tisa, na kile cha misafara kati ya 1500 na 1770 sina cha kuweka. Nikijaze na nini?

Bi_Upanga
Usikijaze kwa nguvu. Ukijikuta unaandika "katika kipindi hiki hapakuwa na mabadiliko makubwa" zaidi ya mara moja, ujue unajaza visanduku, huandiki insha. Sentensi moja kuhusu Wayao na pembe inatosha.

Na kuna kitu hakikai katika kisanduku chochote: pembe. Zinauzwa mwanzo, katikati na mwisho. Ukifuata nyakati tu utazitaja mara tatu kwa maneno yaleyale. Zipe aya moja mwishoni mwa utangulizi, useme wazi kwamba hizi ndizo zilizodumu wakati vingine vikibadilika. Anayeulizwa mabadiliko ya miaka 400 asipoonyesha kilichodumu, msomaji hana cha kupimia.

Ukishaandika, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Zikiwa za namna hii, "Mwaka 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu", umeandika kumbukumbu za matukio. Igeuze: "Kuanguka kwa Ngome ya Yesu mwaka 1698 kulibadili wenye bandari, hakukubadili mizigo iliyopita humo." Mwaka ni uleule, lakini sasa una dai la kuthibitisha katika aya.

Mpwani_Halisi
Hilo nalikubali. Ila 1873 kama mpaka silikubali. Soko lilifungwa, lakini watumwa waliendelea kupitishwa kwa nchi kavu kutoka upande wa Kilwa, ndiyo maana 1876 Seyyid Barghash akapiga marufuku misafara yenyewe. Na mwaka mmoja kabla ya mkataba wa kulifunga soko hilo, 1872, kimbunga kilishaangusha mikarafuu ya Unguja. Mgeuko wa mizigo ulianza na kimbunga au na mkataba? Mimi ningekata 1890.

Binti_Magomeni
Ukikata 1890 umerudi kwenye bendera, kaka, kitu Bi Upanga alichokikataza. Na kimbunga kiliipiga Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, karafuu zikaendelea kutoka huko.

Bi_Upanga
Mpwani ana haki kuhusu 1876, na hoja ya njia ya nchi kavu lazima iingie. Mimi bado nabaki na 1873, kwa sababu mstari wa mizigo unageuka hapo kisheria hata kama si siku hiyohiyo. Chipukizi, ukichagua 1890, weka sentensi mbili za kueleza kwa nini. Unayeukata mpaka ni wewe, na utadaiwa sababu.

Mwl_Mbagala
Mimi niko na 1873. Na wewe Mpwani, pengo la miaka 300 kwenye mada ya bidhaa bado hujalijibu. Umelikwepa tangu juu kule.

Mpwani_Halisi
Sijalikwepa, Mwalimu. Kila aya ya bidhaa ianze na mwaka wa kuingia sokoni na imalizike na mwaka wa kutoka, pengo litaonekana lenyewe.

Mwl_Mbagala
Basi hizo ni nyakati!