Ushauri: shiti ya kubuku magari ya ofisi, watu wawili wanapewa gari moja saa ileile

NyotaYaKisumu
Wadau, habari zenu. Niko upande wa utawala katika shirika dogo la wakulima hapa Kisumu. Tuna magari mawili, Hilux na Probox, na maafisa wa nyanjani wanayagawana. Kila mtu hujaza shiti ya Google Sheets: gari, jina, anakokwenda, tarehe, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Shida ni kwamba shiti inapokea chochote.

Alhamisi, 13/03/2025, afisa wa mpunga alibuku Hilux kwenda Ahero kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane na nusu. Mwenzake akaibuku hiyohiyo kuanzia saa saba mchana, aende Bungoma alale huko na kurudi Ijumaa saa tano asubuhi. Wa tatu akaandika Hilux Ijumaa saa moja asubuhi hadi saa tatu, Maseno. Tuligundua watu wakiwa tayari getini, na kikao cha Maseno kikavunjika huku wakulima wameshakusanyika. Naomba mnisaidie: shiti ionyeshe rangi safari zinapogongana, na ikiwezekana ikatae kabisa.

KijanaWaMilimani
Hiyo ni rahisi, dada. Nenda Format, kisha Conditional formatting, chagua Custom formula is. Ikiwa gari liko kolamu A na tarehe kolamu D, weka hivi:

```
=COUNTIFS($A$2:$A,$A2,$D$2:$D,$D2)>1
```

Gari na tarehe zikijirudia, mistari yote inapakwa rangi.

HesabuKakamega
Kijana amekuelekeza menyu sahihi, lakini fomula hiyo inatafuta tarehe zinazofanana, na kugongana si kufanana. Ijaribu kwa kisa chake mwenyewe. Ahero na Bungoma zitapakwa rangi kwa kuwa zote zinaanza Alhamisi. Maseno inaanza Ijumaa, kwa hiyo itapita salama ilhali Hilux bado iko Bungoma. Tena mtu akitumia Probox asubuhi na mwingine jioni siku hiyohiyo, watapakwa rangi bure, na baada ya wiki mbili hakuna atakayejali rangi hiyo.

Safari mbili za gari moja zinagongana iwapo kila moja inaondoka kabla nyingine haijarudi. Hakuna kingine cha kupima. Lakini ili upime hivyo, tarehe na saa lazima zikae kwenye seli moja, la sivyo safari ya kulala itakutesa. Panga hivi: A gari, B jina, C anakokwenda, D kuondoka, E kurudi. Kwa hiyo Bungoma inakuwa D `13/03/2025 13:00`, E `14/03/2025 11:00`. Kisha chagua A2 hadi E mpaka chini, uweke:

```
=AND($E2<>"",COUNTIFS($A$2:$A,$A2,
 $D$2:$D,"<"&$E2,$E$2:$E,">"&$D2)>1)
```

Inahesabu safari za gari hilohilo zilizoondoka kabla ya wewe kurudi na zitakazorudi baada ya wewe kuondoka. Safari yako nayo inajihesabu, ndiyo maana tunasema zaidi ya 1. Bungoma itapata 3: yenyewe, Ahero na Maseno. Ahero itapata 2, na Maseno 2. Zote tatu zitakuwa nyekundu.

Jambo moja zaidi: jina la gari liwe la kuchagua kwenye orodha, lisiandikwe kwa mkono. Mmoja akiandika "Hilux" na mwingine "Hilux nyeupe", kwa shiti hayo ni magari mawili.

SubiraNakuru
Sisi hapa Nakuru tulifunga traka kwenye magari yote na bosi anaona kila gari liko wapi kwa simu. Fungeni tu, hakuna atakayedanganya.

NyotaYaKisumu
Asante Subira, ila kwetu hakuna anayedanganya. Najua gari liko wapi. Ninachotaka kujua ni nani ameahidiwa kesho.

Mwalimu wa Kakamega, imefanya kazi kwa safari kadhaa, nimefurahi sana! Lakini kuna mbili za Probox ambazo naona kwa macho zinagongana na hazijapakwa rangi. Moja inaondoka 20/03/2025 08:00 na kurudi 20/03/2025 2:30. Nyingine ni 20/03/2025 10:00 hadi 12:00.

HesabuKakamega
Ya kwanza iko wazi: huyo alimaanisha saa nane na nusu mchana. Kompyuta imesoma 2:30 kuwa usiku wa manane, yaani gari limerudi kabla halijaondoka. Safari ya namna hiyo haiwezi kugongana na ile ya saa nne. Waambie waandike 14:30. Na wale wanaofikiria saa mbili asubuhi kisha wakaandika 2:00 watakuletea shida hiyohiyo.

Sasa angalia tarehe zenyewe. Zimelala upande wa kushoto wa seli au wa kulia?

NyotaYaKisumu
Nyingi ziko kushoto. Chache ziko kulia, na moja niliyoandika 12/03 nikiibofya inaonyesha Desemba!

HesabuKakamega
Basi shiti yako imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. 20/03 haina maana kwake kwa kuwa hakuna mwezi wa 20, kwa hiyo imeihifadhi kama maandishi tu, na COUNTIFS inayapita maandishi bila kusema lolote. 12/03 imeipokea, ila kama tarehe 3 Desemba. Nenda File, Settings, kwenye Locale chagua nchi inayoanza na siku, kwa mfano United Kingdom. Hilo halitarekebisha zilizokwisha kuandikwa; ziandike upya. Kuhakikisha, weka `=ISNUMBER(D2)` pembeni. Ikisema FALSE, hiyo si tarehe.

Kuhusu kukataa: chagua E2 mpaka chini, nenda Data, Data validation, Custom formula is, na uchague Reject the input:

```
=AND(ISNUMBER($D2),$E2>$D2,COUNTIFS($A$2:$A,$A2,
 $D$2:$D,"<"&$E2,$E$2:$E,">"&$D2)=1)
```

Hii inazuia na ile ya kurudi kabla ya kuondoka. Ila saa ya kurudi ijazwe mwisho, maana kizuizi kinakagua seli inayoandikwa wakati huo. Mtu akirudi baadaye kubadilisha gari au saa ya kuondoka, hakitamkataza. Akinakili mstari mzima na kuubandika, anaweza hata kukifuta kizuizi chenyewe. Kwa hiyo usiiondoe rangi nyekundu.

DerevaWaZamani_Busia
Mimi nimeendesha magari ya ofisi miaka mingi. Mnaandika gari linarudi 14:30 na lingine linaondoka 14:30. Nani atajaza mafuta? Dereva atakula saa ngapi?

HesabuKakamega
Mzee umesema kweli. Kwenye fomula ya rangi, badala ya `$E2` ndani ya COUNTIFS weka `$E2+TIME(0,30,0)`, na badala ya `$D2` weka `$D2-TIME(0,30,0)`. Nafasi ikipungua nusu saa, itakuwa nyekundu.

DerevaWaZamani_Busia
Nusu saa kwa anayetoka Ahero, sawa. Kwa anayetoka Busia na kukuta msongamano Kondele, weka saa nzima.

KijanaWaMilimani
Saa nzima itafunga Probox bila sababu, hiyo ni ya safari fupi za mjini.

NyotaYaKisumu
Nitaweka nusu saa kwenye rangi, na kwenye kizuizi niache bila nafasi, ili nyekundu iwe ya kujadiliana na dereva. Nimeandika tarehe zote upya na Maseno ya Ijumaa ijayo imekataa mtu wa pili. Bado sijajua nifanye nini mkurugenzi akitaka gari lililokwisha kubukiwa.

SubiraNakuru
Kwetu anampigia simu mwenye safari, na huyo ndiye anayebadilisha mstari wake mwenyewe. Utawala haugusi.