Ofa ya mkataba wa mwaka 1 na probesheni miezi 6, niulizeje kabla ya kusaini?

Nyamagana_Mhasibu:
Habarini wakubwa shikamoni na wenzangu mambo. Naombeni ushauri wa haraka maana nimepewa mpaka Ijumaa kujibu. Mimi ni mhasibu hapa Mwanza, niko kampuni moja mwaka wa 4 sasa, ajira ya kudumu, mshahara laki 8 na nusu. Mwezi uliopita nilifanya intavyu shirika lisilo la kiserikali Dodoma na jana ofa imekuja kwa imeili, milioni 1 na laki 4. Nilifurahi mpaka mama akadhani nimepata mchumba. Sasa nimeisoma vizuri usiku nikakuta ni karatasi moja tu, imeandikwa mkataba wa miezi 12, miezi 6 ya kwanza ni probesheni, na "unaweza kuongezwa kutegemea utendaji na uwepo wa fedha". Basi. Wanataka niripoti tarehe 1 Novemba na leo ni tarehe 9 Oktoba. Nataka kuwauliza lakini naogopa wasije wakaona nina maswali mengi wakampa mwingine. Niulize nini na niulizeje?

Chuma_cha_Reli:
Saini dada yangu. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi, kuna watu 200 nyuma yako wanaisubiri hiyo hiyo. Halafu usiogope probesheni, kisheria ni miezi 3 tu na ukimaliza miezi 6 kazini unakuwa wa kudumu hata wasipotaka.

Mzee_Kikuyu_Dodoma:
Binti yangu, marahaba. Nimekaa ofisi za rasilimali watu miaka 17, mashirika kama hayo nayajua. Chuma samahani lakini hapo umechanganya. Hakuna sheria Tanzania inayosema probesheni miezi 3, kanuni za 2007 zinasema iwe muda wa kiasi usiozidi mwaka mmoja, kwahiyo miezi 6 yao ni halali. Na miezi 6 haikufanyi wa kudumu. Kinachotokea ni kwamba kabla ya kutimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo huwezi kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kudai umeachishwa isivyo haki, ule ulinzi ulioupata kwa miaka 4 Mwanza unauacha mlangoni unaanza sifuri. Kwahiyo binti, nusu ya mkataba wako wote utaishi hivyo. Omba washushe iwe miezi 3. Ile miezi 6 ya kusubiri ulinzi wa sheria haipungui kwa hilo, lakini unajua mapema kama umethibitishwa na wanalazimika kukukalisha chini kukutathmini.

Tena uliza kitu kimoja kabla ya vyote: nafasi hii inalipwa na mradi gani, na fedha za huo mradi zinaisha tarehe ngapi. Mkataba wa miezi 12 kwenye mradi uliobakiza miezi 5 ni karatasi.

Wanjiru_wa_Thika:
Huku Kenya sheria ya 2007 iko wazi, probesheni haizidi miezi 6 na wakitaka kuongeza lazima wewe ukubali, na notisi ni siku 7. Waambie hivyo hivyo.

Mzee_Kikuyu_Dodoma:
Hiyo ni ya kwenu dada, hapa haitumiki. Hapa kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 kwa uchache, ila kama ni ndani ya mwezi wa kwanza ndio siku 7.

Na hapo nikumbushe binti, wewe pia unadaiwa siku 28 na kampuni yako ya sasa. Ukiandika barua leo tarehe 9 unatoka tarehe 6 Novemba, sio tarehe 1. Lakini USIANDIKE leo. Omba kuanza katikati ya Novemba, na barua ya kuacha kazi itoke siku ambayo mkataba uliosainiwa na pande zote mbili uko mkononi. Ofa ya imeili sio mkataba.

Mwalimu_Mbozi:
Mimi serikalini nilikaa kwenye matazamio mwaka mzima nikathibitishwa, sijui mnaogopa nini. Subira tu.

Nyamagana_Mhasibu:
Mwalimu asante ila wewe ulikuwa unathibitishwa kwenye ajira ya kudumu, mimi nikithibitishwa nabaki na miezi 6. Mzee nimekuelewa. Sasa hilo neno "unaweza kuongezwa" nalifanyaje?

Mzee_Kikuyu_Dodoma:
Mkataba wa muda unaisha wenyewe tarehe ikifika, mwajiri hadaiwi sababu. Isipokuwa kama una msingi wa kutarajia kuongezwa, mfano wamewahi kukuongezea huko nyuma au waliahidi. Tulikuwa na mhasibu aliyeongezewa mara 3, kila mara barua inakuja mwezi mmoja kabla, mara ya 4 kimya mpaka siku ya mwisho wakamwambia kwaheri. Akawahi CMA ndani ya siku 30, akaja na zile barua 3 na imeili ya bosi inayosema "tupange bajeti ya mwakani pamoja". Wakamalizana kwa mapatano. Bila zile karatasi asingekuwa na cha kusema. Ndio maana nakwambia uliza kwa maandishi, jibu lao ndio mali yako. Uliza watakujulisha siku ngapi kabla ya mkataba kuisha, hilo huwa wanakubali kirahisi kuliko kuahidi kuongeza.

Andika kifupi: "Nashukuru kwa ofa na nina nia ya kuipokea. Kabla ya kusaini naomba kupata rasimu ya mkataba kamili, na kufahamu fedha za nafasi hii zinaisha lini, kama probesheni inaweza kuwa miezi 3, na nitajulishwa lini kuhusu kuongezwa kwa mkataba." Usiongeze la mshahara hapo hapo.

Nyamagana_Mhasibu:
Mrejesho jamani. Nilituma juzi saa 3 asubuhi nikakaa na simu mkononi mpaka mchana, wamejibu vizuri tu wala hawajakasirika. Probesheni wamekubali miezi 3, kuanza tarehe 17 Novemba, na kuhusu kuongeza watanijulisha siku 30 kabla. Ila mradi unaisha tarehe 30 Juni! Wanasema wanatarajia awamu ya pili. Na kwenye rasimu kuna kipengele kwamba mkataba utakoma mfadhili akisitisha fedha. Yaani kutoka 17 Novemba mpaka 30 Juni ni miezi 7 na nusu.

Mzee_Kikuyu_Dodoma:
Ndio nilichokihofia. Kwa kanuni zile za 2007 mkataba wa muda haukatwi katikati kama hujavunja masharti au hamjakubaliana, sasa kipengele kama hicho wao watakiita makubaliano yako ya mapema. Wengine wanasema hakisimami, mimi sikushauri ukawe wa kukijaribu. Omba waandike kwamba fedha zikikoma wakupe notisi ya miezi 2 au walipe mishahara ya miezi iliyobaki.

Chuma_cha_Reli:
Mimi naona bado inalipa, piga hesabu, tofauti ni laki 5 na nusu kwa mwezi mara 7, karibu milioni 4.

Nyamagana_Mhasibu:
Toa pango la Dodoma na kuhamisha watoto shule katikati ya muhula, Chuma. Nimewatumia hilo la miezi 2, wameomba mpaka Jumatatu waongee na mkurugenzi. Barua ya kuacha kazi bado iko kwenye droo sijaitia tarehe.