Benki imekataza kuposti mambo ya kazi bila kibali, nijulikaneje kwenye fani yangu bila kuvunja sera?

Mchambuzi wa Mikopo:
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni dada, mchambuzi wa mikopo ya wafanyabiashara wadogo kwenye benki moja hapa Dar. Mwezi uliopita tumeletewa waraka wa kukumbushwa sera ya mitandao, unasema mfanyakazi asitoe taarifa wala maoni yoyote kuhusu benki, wateja, bidhaa au sekta ya fedha kwenye mitandao ya kijamii bila kibali cha maandishi cha kitengo cha mawasiliano. Tumesaini wote.

Shida yangu ni kwamba nafasi za umeneja mikopo zikitoka kwenye taasisi nyingine naona wanaoitwa ni wale ambao watu wameshawasoma LinkedIn wakajua wanafikiri nini, mimi prufaili yangu ina cheo na jina la benki basi. Kazi naijua ila nje ya jengo hili hakuna anayejua kama naijua. Sitaki kugombana na mwajiri na sitaki kufukuzwa.

Nimeandika posti ya mfano hii hapa, namba na mji nimebadilisha, niambieni kama inapita:

"Najivunia timu yetu! Mwaka huu tumeshusha mikopo chechefu ya wafanyabiashara wadogo kutoka 11% hadi 6%. Tumejifunza kuangalia zaidi ya taarifa ya benki. Mteja mmoja wa vifaa vya ujenzi Kahama alikuwa na mikopo sehemu 3 kwa mpigo, tulipopitia miamala yake ya simu ndio tukagundua."

Kijana wa Tabata:
Dada mbona rahisi, kwenye baio andika "maoni ni yangu binafsi, hayamwakilishi mwajiri" halafu posti unachotaka. Watu wa mabenki wote wanafanya hivyo. Au ukiona noma fungua akaunti ya jina la bandia.

Mzee wa Ukaguzi:
Kijana hapo juu yuko sawa nusu. Yale maneno ya maoni binafsi yanasaidia jambo moja tu, msomaji asidhani benki ndiyo inayoongea. Hayageuzi siri kuwa siyo siri. Na jina la bandia kwake halina maana kabisa, anataka ajulikane yeye, sasa akijificha nani atamjua? Halafu siku likifichuka linaonekana alikuwa anaficha kitu hata kama aliyoandika hayana ubaya.

Nimekaa upande wa uzingatiaji wa sheria kwenye mabenki muda mrefu kabla sijastaafu, posti kama hii zilikuwa zinaletwa mezani kwangu. Binti yangu tuipitie taratibu.

Hiyo 11% kwenda 6%. Uwiano wa mikopo chechefu wa benki nzima si siri, kila robo mwaka benki inatoa hesabu zake kwenye magazeti na kwenye tovuti na uwiano huo umo, na kila mtu kwenye fani anajua Benki Kuu inataka usizidi 5%. Ila uwiano wa kundi moja la wateja haumo mle. Hiyo ni taarifa ya ndani, mshindani akiisoma anajua wapi mnaumia. Na kama benki yenu imeorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam inakuwa nzito zaidi, maana umetoa jambo linaloweza kugusa bei ya hisa kabla hesabu hazijatoka. Ndio maana benki zilizoorodheshwa huwa na kipindi cha kufunga midomo kabla ya kutangaza hesabu. Uliza chenu kinaanza lini, ndani ya kipindi hicho usiguse kabisa mambo ya faida, mikopo wala amana.

Mteja wa Kahama. Unasema hujataja jina. Mji mmoja, biashara ya aina moja, ana mikopo sehemu tatu, watu wa pale hawahitaji jina, na yeye mwenyewe akisoma anajijua. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006 inamfunga mfanyakazi kutunza siri ya mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haiishii kwenye jina, inaangalia kama mtu anaweza kutambulika. Kwenye posti yako halisi kubadilisha mji hakutoshi, mtoe mteja mzima.

Kinachobaki ni lile wazo la kusoma miamala ya simu. Hilo ndilo lenye thamani na siyo mali ya benki yako, linafundishwa popote mikopo inapofundishwa. Usiguse vigezo vyenu vya kupima mteja, alama mnazotoa, kiwango mnachokatia. Andika kama mwalimu na mfano wa kutunga uliotamka wazi kuwa ni wa kutunga. Mfano:

"Kwa nini duka lenye mauzo ya milioni 12 kwa mwezi linaweza kukosa mkopo? Tuseme bidhaa zinanunuliwa kwa milioni 9.5, pango, umeme na msaidizi milioni 1.3, inabaki milioni 1.2. Ukipitia laini ya simu ya mwenye duka unakuta laki 7 kila mwezi zinakwenda ada, chakula na michango. Kinachobaki kulipia mkopo ni laki 5, na rejesho analoomba ni laki 9. Mauzo hayalipi mkopo, kinacholipa ni kile kinachobaki. Ukitenga laini ya duka na laini ya nyumbani hesabu hii utaiona mwenyewe kabla hujaenda kuomba."

Hapo hakuna benki wala mteja, na bosi wa mikopo popote akisoma anajua huyu kazi anaijua. Lakini bado unahitaji kibali maana sera yenu imetaja sekta nzima ya fedha.

Mtetezi Huru:
Nyie mnamfundisha kujikunja tu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, peleka hiyo sera kwenye chama cha wafanyakazi. Mwajiri ananunua masaa nane hanunui mdomo.

Mzee wa Ukaguzi:
Mtetezi, hoja yako ina uzito pale penye "sekta ya fedha" yote, hata mimi naona wamevuta kamba mbali. Ila yeye hajaomba kesi, ameomba njia akiwa bado kazini.

Nesi wa Mkoani:
Kwetu hospitali ni hivyo hivyo. Mwenzetu alipiga selfi wodini siku ya wauguzi, nyuma yake likaonekana faili la mgonjwa limefunguka, aliitwa. Kwa hiyo dada na picha za ofisini uwe makini, kioo cha kompyuta, ubao wa malengo, kitambulisho shingoni. Na stetasi ya WhatsApp nayo usiione ya nyumbani, wenzako wa kazini wamo na skrinshoti ni sekunde moja.

Mama Semina:
Mimi nipo benki nyingine, sera kali kama yako. Njia iliyonifaa ni kuacha kuwa mimi ninayeposti. Chuo kikitaka mtu wa kuongea na wanafunzi kuhusu mikopo, naomba barua ije kwa mkurugenzi wa benki isije kwangu, benki inaniteua, slaidi zinapita mawasiliano na uzingatiaji. Siku ile mwandalizi anaweka picha na jina langu na mada, benki nayo inaposti kwa kujisifu, mimi nasambaza posti ya benki na sentensi moja ya shukrani. Posti ya ukurasa rasmi imeshapitishwa, sera nyingi zinakuruhusu kuisambaza kama ilivyo, hakikisha na yenu. Semina za Taasisi ya Mabenki Tanzania nazo ni hivyo hivyo, pale unaonwa na watu wa fani wenyewe ambao ndio wanaoajiri.

Na prufaili irekebishe leo. Usiandike "nimeshusha mikopo chechefu kwa asilimia kadhaa". Andika unafanya nini: uchambuzi wa mtiririko wa fedha kwa biashara ndogo, mafunzo kwa maafisa mikopo wa matawi, cheti ulichonacho. Hiyo siyo siri ya mtu.

Mchambuzi wa Mikopo:
Mzee shikamoo, na asanteni sana wote. Hicho kibali nakiombaje? Mwenzangu aliwahi kuomba "ruhusa ya kuposti LinkedIn" akajibiwa hapana neno moja tu.

Mzee wa Ukaguzi:
Marahaba. Ukiomba ruhusa ya jumla lazima ukataliwe, hakuna anayesaini asichokiona. Peleka maneno yenyewe kama yatakavyotoka. Kwenye barua pepe sema mada, sema umetumia taarifa za wazi tu, benki haitajwi, mteja hatajwi, mfano ni wa kutunga, na hutaposti ndani ya kipindi cha kufunga. Nakala kwa bosi wako wa moja kwa moja asije akasikia pembeni. Zikipita kama tatu bila tatizo ndipo uombe kibali cha robo mwaka kwa mada zilizoorodheshwa, hapo wamekuzoea.

Wasipojibu, ukimya siyo ndiyo. Kumbusha. Na wakijibu usiitume ile barua pepe kwenye jimeili yako ili uitunze, hilo lenyewe ni kosa kwenye mabenki mengi, chapisha nakala au iache kwenye folda ya kazini.

Mchambuzi wa Mikopo:
Mrejesho wakuu. Nilipeleka mada tatu zikiwa zimeandikwa kamili. Ya duka na laini mbili imepita, wameongeza sentensi kwamba mfano ni wa kutunga. Ya kanuni ya mtumishi wa umma kubaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato imepita pia. Ya riba wameikataa, wakasema bei za benki ni eneo la wakubwa.

Sasa nimeposti ile ya duka na kuna mtu kakomenti, "mbona tawi lenu mlininyima mkopo na mauzo ninayo?" Nimjibu?

Mama Semina:
Usimwache hivyo dada, ataonekana kapuuzwa. Mwambie aje tawini.

Mzee wa Ukaguzi:
Hapana, ukimwambia "njoo tawini tulione suala lako" umeshathibitisha hadharani kwamba ni mwombaji kwenu. Mwandikie "kwa suala la mkopo wowote wasiliana na huduma kwa wateja wa benki husika" basi. Usimfuate inboksi, huko ndiko watu wanaanza kujadili akaunti. Kisha wajulishe mawasiliano, wao ndio wa kuamua kama watamjibu kwa ukurasa wa benki.

Mtetezi Huru:
Hapo kwenye inboksi nakuunga mkono mzee. Ila ile ya riba bado nasema wamemwonea, viwango vya riba vya wastani si Benki Kuu wenyewe wanavitoa kwenye tovuti kila mwezi?

Mzee wa Ukaguzi:
Wanavitoa, kweli. Angeweza kuirudisha ikiwa na takwimu za Benki Kuu peke yake bila neno hata moja la kwa nini benki zinapanga bei vile. Wakikataa na hiyo, hapo sina jibu, nitakuwa upande wako.