Ratiba ya chuo kwenye simu: kipindi cha saa mbili kinasomeka saa tano, na ofisi inatulaumu sisi!

Mkereketwa_Dar: Wadau, nimechoka. Chuo chetu kilitangaza kwa mbwembwe kwamba ratiba inaingia kwenye kalenda ya simu kwa linki. Nikajiunga. Kipindi cha Jumatatu saa mbili asubuhi kikatokea saa tano! Watu wamekosa jaribio, halafu ofisi ya ratiba inatujibu "rekebisheni saa za simu zenu". Simu yangu haina shida. Nimefungua faili lao la `.ics`, ni maandishi ya kawaida tu, nikakuta hivi:

```
DTSTART:20251103T080000Z
```

Hiyo Z inaiambia simu kwamba saa iliyoandikwa ni ya UTC. Tanzania tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo simu inajumlisha na kupata 11:00. Walipaswa kuandika 050000Z. Hivi kabla ya kutangaza hakuna aliyejaribu hata kwa simu moja?

kaka_mkubwa: Si wafute hiyo Z tu, kwisha habari.

FundiSeva: Kwa walioko Dar itakaa sawa. Lakini bila Z saa inabaki haina eneo, kila simu inaisoma kwa saa za ilipo. Mwanafunzi anayesoma kwa mtandao akiwa Muscat ataona 08:00 ya kwao, wakati kipindi kwake ni 09:00. Njia nzuri ni kutaja eneo, na faili liwe na sehemu ya `VTIMEZONE` inayolieleza:

```
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20251103T080000
```

mama_Tunu: Mimi saa nilizirekebisha kwa mkono. Kinachonikera, kipindi kimehamishiwa Alhamisi lakini kwangu bado kipo Jumatano. Faili nililipakua vizuri kabisa.

FundiSeva: Dada, hapo ndipo penyewe. Ukipakua unapata nakala ya siku ile, haitabadilika tena. Nakili anwani ya linki, fungua Google Calendar kwenye kompyuta, nenda "Other calendars", kisha "From URL", ubandike. Kwenye programu ya Android hutaipata sehemu hiyo, ila ukishaiweka kwenye kompyuta itatokea na kwenye simu. Ile nakala ya zamani ifute, la sivyo utaona vipindi viwili viwili.

Mkereketwa_Dar: Na tangazo la chuo limeandika "pakua faili"! Wamewapoteza watu wao wenyewe. Sasa kipindi kikihamishwa asubuhi ile ile, tutajua?

FundiSeva: Kwa Google usitegemee. Inavuta faili kwa wakati inaoutaka yenyewe, inaweza kupita saa nyingi. Kwenye iPhone unaweza kuchagua lisomwe kila baada ya muda gani.

kaka_mkubwa: Kwa hiyo turudi kwenye grupu la WhatsApp?

Mkereketwa_Dar: Kwa mabadiliko ya ghafla, ndiyo. Lakini hii ya saa sikubali. Kesho naenda ofisini na mistari hiyo nimeichapa. Anayejua namna ya kuilazimisha Google isome upya aseme.